Presha ukiwa na miaka 21: kabla ya kumeza dawa, uliza imetoka wapi

Nitasema hii kitu bila kuzunguka. Mtu wa miaka 21, mwembamba, asiyevuta wala kunywa, akipatikana na presha ya 168 juu ya 104, kumpa vidonge na kumwambia "punguza chumvi, punguza stresi" haitoshi. Lazima mtu aulize: hii presha imetoka wapi? Mzee wa miaka 60 akiwa na presha, mara nyingi hakuna sababu moja ya kushika kwa mkono. Ni umri, ni mishipa kukakamaa, ni ukoo, ni uzito. Lakini kijana ni tofauti. Kadiri unavyokuwa mdogo na presha inavyokuwa juu, ndivyo uwezekano unavyoongezeka kwamba kuna kitu mwilini kinachoisukuma, na kitu hicho pengine kinatibika.

Naandika hii kwa sababu ya mdogo wangu. Amenikubalia niandike, mradi nisitaje jina. Tumekulia Kaptagat, pale barabara ya kutoka Eldoret inapoingia msituni na baridi inakupiga hata kama ni mchana. Wengi wenu mnaijua kwa sababu ya Eliud Kipchoge na kampi za wanariadha. Tuko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na ukisimama kando ya barabara ya udongo saa kumi na mbili asubuhi utaona vikundi vya vijana vikipita moja baada ya kingine. Mdogo wangu ni mmoja wao. Hajulikani, hana kandarasi ya viatu, anakimbia akitarajia siku moja apate mbio za nje. Kilo 57. Ukimwona huwezi kumfikiria na neno presha kwa sentensi moja.

Na hapo ndipo shida inaanzia. Huku kwetu mkimbiaji hapimwi presha. Anapimwa saa. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima wana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Sasa hebu fikiria hiyo nusu imejaa watu wa aina gani. Ni sisi. Vijana wa kiume hasa, ambao hatuendi hospitali mpaka kitu kivunjike.

Yeye alipimwa kwa bahati. Kulikuwa na kambi ya matibabu ya bure kwa uwanja wa kanisa, mathe akamburuta aende kumshikia foleni, na akiwa pale muuguzi akamwambia akae, amfunge kile kitambaa. Mashine ikasoma 174 juu ya 108. Muuguzi hakushtuka mbele yake, na mpaka leo namheshimu yule mama kwa hilo. Alimwambia, "Kijana wangu, hebu kaa hapo dakika tano, miguu chini, usiongee, usiguse simu." Akapima tena, mkono ukiwa umewekwa juu ya meza usawa wa moyo. 168 juu ya 104. Akapima mkono wa pili, ikatoka karibu hiyo hiyo.

Kabla ya kuendelea, jambo moja kuhusu mashine, maana najua kuna wasee wanasema "hizo mashine hudanganya". Ni kweli zinaweza kudanganya, lakini zinadanganya kwa njia inayojulikana. Kitambaa kikiwa kidogo kwa mkono mnene, namba inapanda kuliko ukweli. Kikiwa kikubwa kwa mkono mwembamba, namba inashuka. Mkono wa mdogo wangu ni kama mti wa ufagio. Kwa hivyo kama kitambaa kile cha watu wazima kilikuwa kinakosea, basi kilikuwa kinapunguza. Kahawa, kukimbia muda mfupi kabla ya kupimwa, kibofu kilichojaa, kuongea, hivyo vyote hupandisha, lakini haviwezi kukubebea kutoka 120 hadi 168 ukiwa umetulia. Na kawaida hakuna anayeitwa mgonjwa wa presha kwa siku moja. Unapimwa tena siku nyingine, na ikibaki 140 juu ya 90 au zaidi, hapo ndiyo sasa ni presha. Ukipima nyumbani kwa mashine ya mkono wa juu, asubuhi mara mbili na jioni mara mbili kwa wiki nzima, mstari unashuka kidogo, unakuwa 135 juu ya 85, kwa sababu nyumbani umetulia.

Wiki iliyofuata akapima tena. 166 juu ya 102. Akaenda kliniki moja mjini, sitaitaja. Pale hakupimwa damu wala mkojo. Aliulizwa kama baba ana presha, akasema ndiyo, na hapo mazungumzo yakaisha. Akapewa amlodipini na hidroklorothaiazidi, ambayo ni ile dawa ya kukojoza. Akaambiwa arudi baada ya mwezi.

Sasa, dawa zenyewe si mbaya. Zinatumika kila mahali na zinaokoa watu. Nina mashtaka mawili tu. La kwanza, hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani. Dawa zote za kukojoza ziko kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku na WADA, wakati wa mashindano na hata nje ya mashindano, kwa sababu zinaweza kutumika kuficha dawa nyingine kwenye mkojo. Kijana anayetegemea miguu yake alitoka kliniki akiwa na kitu mfukoni ambacho kingemfungia nje ya mbio, na hakuna aliyejua, wala yeye. Kwa bahati hakuwa na mashindano msimu huo. La pili ni kubwa zaidi: hakuna aliyepima potasiamu yake kabla.

Wiki tatu baadaye, Alhamisi, siku ya mbio ndefu, miguu ilikataa. Hakuanguka kama kwenye filamu. Anasema mapaja yalianza kuwa mazito kama ameyavaa, kisha hakuweza kuinua goti kupanda kile kimlima cha msituni. Wenzake walidhani ni njaa. Walimkalisha kando ya barabara, wakampa maji. Akajaribu kusimama, magoti yakalegea. Akaletwa na bodaboda mbili, moja mbele na moja nyuma ikimsindikiza, mpaka tukapata gari la kwenda Eldoret.

Pale dharura walimpima damu na umeme wa moyo. Potasiamu ilikuwa 2.4. Kawaida inapaswa kuwa kati ya 3.5 na 5. Potasiamu ndiyo inayosaidia misuli kukaza na kulegea na moyo kupiga kwa mpangilio. Ikishuka hadi pale, misuli inalegea, na moyo unaweza kupiga hovyo mpaka usimame. Aliwekewa kwa dripu, polepole, huku moyo ukiangaliwa kwa mashine, kwa sababu kuingiza potasiamu kwa haraka pia kunaweza kuua. Hiyo usiku ilikuwa ndefu, niwaambie ukweli.

Asubuhi alikuja daktari kijana, pengine ananizidi miaka mitano. Hakuanza na vidonge. Alivuta kiti, akauliza maswali ambayo sikuwa nimesikia mtu akimuuliza. Unaamka usiku kukojoa mara ngapi? Mara tatu, nne. Tangu lini? Kama mwaka. Unashikwa na misuli? Kila wiki, lakini sisi wakimbiaji si hushikwa tu. Unakoroma? Hapana. Kuna siku moyo unapiga kwa ghafla, unatoka jasho na kichwa kinauma vibaya, kisha inaisha yenyewe? Hapana. Unameza nini?

Hilo la mwisho alilikazia, na mimi nalikazia hapa kwa sababu wengi wetu tungejibu "hakuna" huku tukidanganya. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, zile tunazonunua kemisti kama peremende, zinaweza kupandisha presha ukizitumia kila siku. Vidonge vya kupanga uzazi, kwa baadhi ya wasichana. Vile vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kichinichini kwa wanaotaka mwili, vingi vina steroidi ndani. Miraa pia. Daktari akishajua unatumia hivyo, pengine dawa yako ni kuacha kitu, wala si kuongeza kingine. Mdogo wangu alikuwa anameza ibuprofeni mara moja moja baada ya mazoezi makali. Haikutosha kueleza 168.

Kisha akamshika. Kidole kimoja kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, kingine kwenye kinena, kwa wakati mmoja, akasikiliza kama mapigo yanafika pamoja. Niliuliza anatafuta nini. Akanieleza kuna watoto wanazaliwa na mshipa mkuu wa moyo ukiwa umebanwa mahali pamoja. Damu inasukumwa kwa nguvu kichwani na mikononi, lakini miguuni inafika kwa kuchelewa na kwa unyonge. Mtu anaweza kufika miaka 20 bila kujua, na kinachohitajika kumshuku ni vidole viwili na dakika moja. Kwa mdogo wangu mapigo yalifika pamoja. Akaweka kifaa chake tumboni kusikiliza kama mshipa wa figo unavuma, maana mshipa wa figo ukiwa mwembamba figo inadhani mwili hauna damu ya kutosha na inapandisha presha kwa nguvu. Hiyo huonekana hasa kwa wasichana na wanawake. Hakusikia kitu. Mkojo ukapimwa: hakuna protini, hakuna damu. Kreatinini ilikuwa sawa, kwa hivyo figo zenyewe zilikuwa zinachuja vizuri. Hili la mkojo ni la bei ndogo na ni muhimu kweli, kwa sababu figo ndizo za kushukiwa kwanza presha ikimpata kijana.

Kilichobaki mezani ni potasiamu. Mtu yeyote angesema, aah, ni ile dawa ya kukojoza imeimaliza. Hata mimi nilisema hivyo. Daktari alisema, inawezekana, tutaiondoa tuone. Akabaki na amlodipini peke yake na vidonge vya potasiamu kwa muda. Baadaye vidonge vya potasiamu vikasimamishwa wiki moja na nusu, akapimwa. Dawa ya kukojoza ilishatoka mwilini zamani. Potasiamu ilikuwa 3.1 na inashuka. Sasa huwezi kulaumu dawa. Kuna kitu ndani kilichokuwa kinaimwaga.

Kitu hicho kinaitwa aldosteroni. Nitaeleza vile nilivyoelezwa, kwa sababu nikishaelewa ndipo kila kitu kilipangika kichwani.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, imekaa kama kofia. Inaitwa tezi ya adrenali. Mwili ukipungukiwa na maji au presha ikishuka, figo inatoa renini, ambayo ni kama simu ya kuomba msaada. Simu hiyo, kupitia hatua mbili tatu, inafika kwenye ile kofia, nayo inatoa aldosteroni. Aldosteroni inaiambia figo: shika chumvi, usiiachilie. Chumvi ikishikwa, maji yanabaki nayo, presha inapanda. Lakini kwa kila chumvi inayoshikwa, kuna gharama: potasiamu inatupwa kwenye mkojo. Presha ikishakuwa sawa, figo inakata simu na kofia inanyamaza.

Kwa mdogo wangu kofia moja ilikuwa inaongea peke yake bila kupigiwa simu. Chumvi inashikwa saa zote, presha inapanda, potasiamu inamwagika, misuli inashikwa, na potasiamu ikiwa chini figo inashindwa kukaza mkojo, ndiyo maana anaamka usiku. Mambo manne ambayo kila mmoja tulikuwa tumeyapa maelezo yake, yote yalikuwa kitu kimoja. Na hapa ndipo inauma: kampini, akishikwa na misuli, alikuwa anashauriwa aweke chumvi kwenye maji yake. Ushauri huo unamfaa mkimbiaji wa kawaida aliyetoka jasho. Kwake ulikuwa mafuta kwenye moto, kwa sababu ukiongeza chumvi wakati aldosteroni iko juu, figo inashika zaidi na kutupa potasiamu zaidi. Na ndizi? Mathe alimlisha ndizi mpaka akachoka. Ndoo iliyotoboka huwezi kuijaza kwa kikombe.

Ugonjwa huu si mpya. Daktari Jerome Conn wa Chuo Kikuu cha Michigan huko Amerika alimwelezea mgonjwa wake wa kwanza mwaka wa 1954, mwanamke wa miaka 34 aliyekuwa na presha, misuli kulegea na kushikwa na misuli kwa miaka saba. Ndiyo maana vitabu vinauita ugonjwa wa Conn. Kwa miaka mingi madaktari waliamini ni nadra sana, kwa sababu walikuwa wanautafuta kwa wale tu ambao potasiamu imeshuka. Baadaye ikaonekana kwamba wengi wenye ugonjwa huu potasiamu yao iko sawa kabisa. Kwa hivyo potasiamu ikishuka inakupa sababu kubwa ya kushuku, lakini ikiwa sawa haikutoi kwenye orodha.

Kipimo chenyewe ni cha damu: aldosteroni na renini, zote kwa wakati mmoja, halafu zinalinganishwa. Ukipima aldosteroni peke yake huelewi kitu, kwa sababu hujui kama ilipigiwa simu. Kuna masharti. Potasiamu inarudishwa juu kwanza, kwa maana ikiwa chini sana inapunguza aldosteroni na kipimo kinaonyesha uongo kwamba uko sawa. Usijinyime chumvi siku hizo. Damu inatolewa asubuhi, ukiwa umeamka na kutembea kama saa mbili, kisha umekaa dakika chache. Dawa nyingine za presha zinavuruga matokeo, kwa hivyo daktari anaweza kuzibadilisha kabla. Ya mdogo wangu ilitumwa Nairobi na tukangoja. Majibu: aldosteroni juu sana, renini haisomeki. Simu imekatwa, kofia bado inaongea.

Ni baada ya hapo tu ndipo aliingia kwenye skani. Mpangilio huu una maana. Kuna watu wengi wenye vijivimbe kwenye tezi hizi ambavyo havifanyi lolote, na ukianza na skani unaweza kukatwa kitu kisicho na hatia. Damu inakuambia kama kuna ugonjwa, skani inakuonyesha upande. Kwake kulikuwa na uvimbe mmoja tezi ya kushoto, kama sentimita moja na nusu, na tezi ya kulia ilikuwa safi. Si saratani.

Hapa umri wake ulimsaidia kwa njia ambayo sikuitarajia. Kwa mtu mzima, skani haiaminiki peke yake. Inabidi aingizwe mrija kwenye mishipa ya tezi zote mbili, damu itolewe kila upande, ili kuwa na uhakika ni upande upi unatoa aldosteroni. Ni kazi ngumu na wanaoiweza ni wachache. Lakini mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2016 unakubali kwamba mtu wa chini ya miaka 35, ambaye potasiamu yake imeshuka yenyewe, aldosteroni iko juu wazi, na skani inaonyesha uvimbe upande mmoja tu, anaweza kwenda moja kwa moja kwa upasuaji. Angekuja akiwa na miaka 45, njia ingekuwa ndefu na ghali zaidi.

Kabla ya upasuaji alimeza spironolaktoni kwa wiki kadhaa. Hii dawa inakaa kwenye mlango ambao aldosteroni hutumia, inaizuia isiingie. Haifanyi kazi siku moja, inachukua wiki. Presha ilishuka hadi 138 juu ya 88 na potasiamu ikapanda hadi 4.2 bila nyongeza. Kwa wale ambao tezi zote mbili zina shida, hii ndiyo tiba yao ya maisha, hawakatwi. Ina mambo yake: kwa wanaume inaweza kufanya kifua kuuma na kuvimba kama matiti. Mdogo wangu alianza kuhisi hivyo wiki ya tano na alikuwa anaficha kwa kuvaa jaketi kubwa, mpaka nikamlazimisha amwambie daktari. Na spironolaktoni pia iko kwenye orodha ya marufuku. Mwanariadha anayeihitaji lazima aombe kibali cha matumizi ya tiba, na hapa Kenya anaanzia kwa ADAK, akiwa na majibu ya vipimo na barua ya daktari inayoeleza kwa nini dawa nyingine haifai. Kibali kipo, wagonjwa halali hupewa. Lakini karatasi zinapaswa kutangulia mbio. Wasee wa kampi, kabla hujameza kidonge chochote cha presha mwambie daktari kwamba unakimbia, hata kama hujawahi kushinda hata kuku.

Upasuaji ulifanywa kwa matundu madogo. Tezi ya kushoto ikatolewa, ya kulia inatosha kwa maisha yote. Siku iliyofuata spironolaktoni ikasimamishwa, na akaendelea kupimwa potasiamu kila wiki, kwa sababu ile tezi iliyobaki ilikuwa imelala muda mrefu na ikichelewa kuamka potasiamu inaweza kupanda kupita kiasi. Presha haikushuka siku hiyo hiyo, na hilo lilimtia wasiwasi. Wiki ya pili bado 142. Mwezi wa tatu 130. Mwezi wa tano 126 juu ya 78, bila kidonge hata kimoja. Haamki tena usiku.

Sasa nije kwa kile kinachonifanya nisiwe mpole kwenye hili jambo. Kutoa uvimbe hakumponyi kila mtu. Utafiti mmoja mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2017 ulifuatilia watu waliotolewa tezi moja. Karibu wote, 94 kwa 100, aldosteroni yao ilirudi sawa. Lakini walioacha dawa za presha kabisa walikuwa 37 kwa 100. Wengine 47 walipata nafuu, ila waliendelea na dawa. Kwa nini hiyo tofauti, kama chanzo kimeondolewa? Kwa sababu presha ikikaa miaka mingi inabadilisha mishipa na figo zenyewe. Mishipa inakuwa migumu, figo inazoea, na sasa presha ina maisha yake hata chanzo kikiondoka. Waliofanya vizuri zaidi ni vijana na wanawake. Kwa jumla, ambao presha haijakaa miaka mingi na hawajafika kwenye dawa nyingi wana nafasi kubwa zaidi. Na aldosteroni yenyewe inaharibu moyo na mishipa kupita vile presha ya kiwango hicho hicho ingeharibu. Kwa hiyo miaka mitano ya kumeza amlodipini tu na kusema "niko sawa, inashuka kidogo" ingekuwa miaka mitano ya kufunga huo mlango polepole.

Lakini tusiende upande mwingine pia. Mtu asisome hii akakimbilia skani kesho. Vijana wengi wenye presha ya juu hawana uvimbe wala mshipa uliobanwa. Ni uzito, pombe, chumvi, ukoo, na dawa wanazojinunulia. Na hao pia wanahitaji kutibiwa mapema, kwa sababu mishipa haijali presha imetoka wapi. Ninachosema ni kwamba maswali yale, vidole viwili kwenye kinena, mkojo, kreatinini na potasiamu, hayo ni mambo ya siku moja na si ya bei ya kutisha, na kijana yeyote mwenye presha anastahili kufanyiwa kabla ya kuambiwa ni stresi. Aldosteroni na renini ni ghali zaidi, ndiyo, lakini ukiwa chini ya miaka 30 na 160 kwenda juu, au potasiamu imeshuka, au dawa tatu zimeshindwa, uliza kwa adabu: "Daktari, je, tumeangalia kama kuna kitu kinachosababisha?" Daktari mzuri hakasiriki. Yule kijana wa dharura alisema anapenda kuulizwa hivyo.

Mdogo wangu amerudi kukimbia, polepole, na wenzake wanamcheka kwamba sasa anakimbia na tezi moja. Aliyebaki ni baba. Baba ana miaka 52, alianza dawa za presha akiwa na 34, sasa yuko kwenye aina tatu na bado inasoma 150. Yeye pia huamka usiku mara tatu, na kila mtu nyumbani alisema ni uzee. Katika miaka hiyo yote 18 hakuna aliyewahi kumpima potasiamu. Ametolewa damu jana, na majibu ni Jumatano.